Jinsi ya kumwomba muuzaji agawe ankara moja kwa matawi: mwongozo kamili

Ombi linaloenda kwa muuzaji mara nyingi huwa sentensi moja tu: "Naomba mtugawie ankara kwa matawi." Kinachorudi ni mojawapo ya mambo matatu. Ankara nne zenye namba nne tofauti, ankara ileile ya zamani ikiwa imeandikwa asilimia kwa kalamu pembeni, au kimya. Muuzaji hana ubaya. Ombi lenyewe halikumwambia agawe kwa kigezo gani, aandike nini kwenye kila mstari, wala risiti ya EFD, yaani mashine ya risiti za kodi, iweje.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: kampuni ya Tanzania Bara, yenye TIN moja, inayolipia huduma ya ulinzi kwa vituo vinne. Ulinzi ni mfano mzuri kwa sababu ankara yake ina aina mbili za gharama. Ipo inayojulikana ni ya nani, yaani walinzi wa kila kituo, na ipo ya wote kwa pamoja, yaani gari la doria. Anayeweza kugawa ankara ya ulinzi hatashindwa na ya usafi, ya intaneti wala ya dizeli ya jenereta.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuandika chochote

- Orodha ya vituo vya gharama kama ilivyo kwenye mfumo wako wa hesabu, na namba zake. Majina ya kuzoeana ("kule kwa kina Juma", "tawi jipya") hayafai.
- Mkataba au oda ya ununuzi inayotumika sasa, yenye bei ya kila kitu.
- Ankara ya mwezi uliopita pamoja na risiti yake ya EFD. Hizi zinakuonyesha muuzaji anaandikaje leo.
- Uthibitisho wa huduma kutoka kila kituo. Kwa ulinzi ni daftari la zamu lililosainiwa na msimamizi wa tawi. Kwa bidhaa ni hati ya kupokea mzigo.
- Jina kamili la kampuni, TIN na namba ya usajili wa VAT, yaani VRN, kama vilivyo kwenye vyeti.
- Jina na simu ya anayeandaa ankara upande wa muuzaji. Ofisa masoko anayekutembelea na kalenda kila Desemba siye anayekaa kwenye kompyuta ya ankara.

Ukikosa cha mwisho, piga simu kwanza upate jina. Barua nzuri ikifika kwa mtu asiyehusika inalala.

## Hatua ya 1: Hakikisha hayo ni matawi kweli

Angalia TIN. Kama vituo vyote viko chini ya TIN moja, hayo ni matawi na ankara moja inatosha. Kama "tawi" mojawapo ni kampuni iliyosajiliwa peke yake, yenye TIN yake, acha hapo. Hiyo inahitaji ankara yake na risiti yake kwa jina lake. Kuliweka kama mstari kwenye ankara ya kampuni dada maana yake unadai VAT ya ununuzi wa mtu mwingine, na mkaguzi akifika ataikataa.

Kituo kilichopo Zanzibar nacho kitenge. Zanzibar ina mamlaka yake ya mapato, ZRA, na VAT yake ina sheria yake. Mweleze mshauri wako wa kodi kabla hujakiunganisha na vituo vya Bara kwenye ankara moja.

Katika mfano wetu vituo ni vinne, vyote Bara, TIN moja:

- 110 Makao makuu, Dar es Salaam: walinzi 3
- 210 Mwanza: walinzi 4
- 220 Arusha: mlinzi 1 wa usiku
- 310 Ghala la Mbagala: walinzi 4

Kila mlinzi ni shilingi 420,000 kwa mwezi kabla ya VAT. Juu yake kuna huduma ya kuitikia king'ora na doria, shilingi 700,000 kwa vituo vyote.

Utajua imekaa sawa pale unapoweza kuonyesha, kwa kila kituo, namba yake, mahali kilipo na TIN ileile.

## Hatua ya 2: Chagua ankara moja yenye mistari, siyo ankara nyingi

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu ankara nne zinaonekana nadhifu zaidi. Kila tawi linapata karatasi yake, linaweka kwenye faili lake. Lakini angalia kinachofuata: risiti nne za EFD za kukagua, malipo manne au malipo ya mkupuo mmoja yanayofunga ankara nne, na muuzaji ambaye pengine amekufungulia akaunti nne za mteja kwenye mfumo wake. Siku utakayolipa kwa pamoja, fedha zote zitaingia akaunti ya makao makuu, na Mwanza itaanza kupokea barua za kudaiwa huku Dar ikionekana imelipa zaidi.

Kuna hali moja tu ambayo ankara nyingi zina maana kwa matawi ya TIN moja: kama kila tawi linalipa lenyewe, kwa akaunti yake ya benki na kwa idhini ya meneja wake. Kama malipo yanatoka makao makuu, omba ankara moja yenye mistari.

Mstari mmoja kwa kila kituo, kwa kila aina ya gharama. Kwa mfano wetu ni mistari minane: minne ya walinzi na minne ya doria. Usikubali walinzi na doria wajumlishwe kwenye mstari mmoja wa tawi, kwa sababu bei ya mlinzi itapotea machoni na hutaweza tena kuilinganisha na mkataba. Muuzaji akilalamika kwamba minane ni mingi, doria ibaki mstari mmoja kwenye ankara, wewe uigawe ndani kwenye mfumo wako. Walinzi wasiguswe.

## Hatua ya 3: Amua kigezo cha gharama ya pamoja

Walinzi hawahitaji kigezo, wanahesabika. Doria ndiyo inayoleta mjadala.

Unaweza kugawa sawa kwa vituo vinne: 175,000 kila kimoja. Arusha yenye mlinzi mmoja italipa sawa na ghala lenye wanne, na meneja wa Arusha atauliza kwa nini, naye atakuwa na haki. Unaweza kugawa kwa idadi ya walinzi, na hicho ndicho tunachotumia hapa, kwa sababu idadi tayari ipo kwenye mkataba na muuzaji anaijua bila kukuuliza. Kigezo kama mauzo ya tawi kinaweza kuwa na haki zaidi kwenye karatasi, lakini muuzaji hana takwimu hizo na hutaki kumpa. Kanuni ya kazi ni hii: anayegawa awe na namba ya kugawia mkononi. Kigezo kikihitaji siri zako, gawa wewe mwenyewe ndani.

Gawa kiasi kabla ya VAT, siyo jumla yenye VAT. Kama kampuni inadai VAT yote ya ununuzi, VAT siyo gharama ya tawi; ni fedha unayoidai serikalini, na inakaa kwenye akaunti moja ya VAT. Kama biashara yako inauza vitu vilivyosamehewa VAT na hivyo huwezi kuidai, basi inageuka gharama na inalifuata tawi. Jua uko upande gani kabla ya kuendelea.

## Hatua ya 4: Piga hesabu wewe kwanza, hadi shilingi ya mwisho

Usimwachie muuzaji kugawa 700,000 kwa 12. Kila mtu anakadiria kwa namna yake. Gawa mwenyewe uone:

- Makao makuu: 3 kati ya 12 ni 175,000
- Mwanza: 4 kati ya 12 ni 233,333.33, inakuwa 233,333
- Arusha: 1 kati ya 12 ni 58,333.33, inakuwa 58,333
- Ghala: 4 kati ya 12, inakuwa 233,333

Jumlisha: 699,999. Shilingi moja haipo. Ni ndogo kiasi cha kuchekesha, lakini mfumo wa hesabu haucheki. Utakataa kufunga ankara, au utaitupa kwenye akaunti ya tofauti ndogo ndogo ambako kila mwezi itaacha mabaki. Kubalianeni mapema kwamba baki lolote linaenda kwenye kituo kimoja maalum, kilekile kila mwezi. Hapa ni ghala.

Kwenye lahajedwali, weka 700,000 kwenye seli B2, idadi ya walinzi C5 hadi C8, na ghala liwe la mwisho. D5 hadi D7 zinapata fomula ya kwanza, D8 inapata ya pili:

```
=ROUND($B$2*C5/SUM($C$5:$C$8),0)
=$B$2-SUM(D5:D7)
```

Fomula ya pili ndiyo inayobeba baki. Bei ikibadilika mwakani, jumla haitapotea hata shilingi.

Mgawanyo kamili unakuwa hivi:

| Kituo | Walinzi | Doria | Kabla ya VAT | VAT 18% | Jumla |
|---|---|---|---|---|---|
| 110 Makao makuu | 1,260,000 | 175,000 | 1,435,000 | 258,300 | 1,693,300 |
| 210 Mwanza | 1,680,000 | 233,333 | 1,913,333 | 344,400 | 2,257,733 |
| 220 Arusha | 420,000 | 58,333 | 478,333 | 86,100 | 564,433 |
| 310 Ghala | 1,680,000 | 233,334 | 1,913,334 | 344,400 | 2,257,734 |
| Jumla | 5,040,000 | 700,000 | 5,740,000 | 1,033,200 | 6,773,200 |

Jaribio la kuthibitisha ni moja: chukua jumla kabla ya VAT, zidisha kwa 18%, linganisha na jumla ya safu ya VAT. Hapa 5,740,000 inatoa 1,033,200, na safu inatoa hiyohiyo. Ikitofautiana kwa shilingi moja mbili, VAT ya jumla ndiyo ya kweli; ya mistari inarekebishwa kuifuata, kwenye kituo kilekile kinachobeba baki.

## Hatua ya 5: Andika ombi ambalo haliachi swali

Tuma kabla ankara ya mwezi haijatengenezwa. Wauzaji wengi wa huduma huandaa ankara siku mbili tatu za mwisho wa mwezi, kwa hiyo tarehe 20 ni muda mzuri. Ombi linalofika tarehe 2 limekuta risiti imeshatoka.

Liandikwe hivi, kwa barua pepe, kisha simu:

> Ndugu Mhasibu,
>
> Habari za kazi. Kuanzia ankara ya mwezi huu, tunaomba huduma ya ulinzi iandikwe kwa mchanganuo wa vituo vyetu vinne. Bei, idadi ya walinzi na masharti ya mkataba havibadiliki. Jumla inabaki shilingi 6,773,200 pamoja na VAT.
>
> Tunaomba:
> 1. Ankara moja, namba moja, risiti moja ya EFD kwa jina na TIN yetu.
> 2. Mistari minane kama ilivyo kwenye jedwali lililoambatishwa. Kila mstari uanze na namba ya kituo, mfano: "210 Mwanza, walinzi 4 x 420,000".
> 3. Akaunti yetu kwenu ibaki moja. Msifungue akaunti ya kila tawi.
> 4. Kabla ya kutoa risiti ya EFD, mtutumie rasimu ya ankara tuihakiki. Tutajibu ndani ya siku moja ya kazi.
>
> Malipo yataendelea kutoka makao makuu kwa mkupuo mmoja. Kama mfumo wenu hauruhusu mistari minane, tupigieni tukubaliane njia nyingine kabla ya kutoa ankara.
>
> Ahsanteni kwa ushirikiano.

Kila kipengele kina sababu yake. Kusema "jumla inabaki" mwanzoni kunaondoa hofu kwamba unatafuta njia ya kupunguza bei. Namba ya kituo inatangulia jina kwa sababu mashine nyingi za EFD zina nafasi fupi ya maelezo. Zikikata, zinakata mwisho, na "210" inasalimika hata kama "walinzi 4" imemezwa. Ahadi ya kujibu ndani ya siku moja ni ya lazima, na itimizwe. Ukikaa na rasimu wiki nzima, mwezi ujao hatakutumia.

Jedwali liambatishwe kama faili ya lahajedwali, siyo picha. Mtu akilazimika kunakili tarakimu kutoka kwenye picha ya simu, 233,333 na 233,334 zitabadilishana viti.

Onyo. Usiweke kwenye barua hiyohiyo malalamiko ya mlinzi aliyesinzia au ombi la punguzo. Barua itapelekwa kwa meneja wa shughuli, itakaa mezani kwake, na mchanganuo utasahaulika.

### Akisema mfumo wake hauwezi

Mara nyingi anasema kweli. Wapo wanaotumia mashine ndogo ya EFD ambayo imewekewa kitu kimoja tu, "HUDUMA", na kubadilisha ni kumwita fundi. Katika hali hiyo risiti ibaki na mstari mmoja wa jumla, na mchanganuo ukae kwenye ankara anayochapa kwa kompyuta. Kinachotakiwa ni vitu vitatu vilingane kwenye karatasi zote mbili: jina na TIN yako, jumla ya VAT, na jumla kuu. Omba namba ya ankara iandikwe kwenye risiti, hata kwa mkono, ili karatasi zisiachane.

Kama hata ankara yake haiwezi, atoe jedwali la mchanganuo kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni, lenye namba ya ankara, saini na muhuri. Ni njia ya tatu kwa ubora, lakini inapita.

## Hatua ya 6: Hakiki rasimu kabla risiti haijatoka

Risiti ya EFD haifutiki kwa kubonyeza kitufe. Ikishatoka, mauzo yameingia kwenye kumbukumbu za TRA na muuzaji anadaiwa VAT yake. Ukimwambia "toa nyingine iliyogawanywa", atakuwa ametangaza mauzo mara mbili kwa huduma moja hadi aandike kredit noti, yaani hati ya kupunguza kiasi kilichotozwa, na kurekebisha ritani yake. Ndiyo maana wauzaji wengi wanakuwa wakali kwenye jambo hili. Dakika kumi za kuangalia rasimu zinaokoa yote hayo.

Angalia kwa mpangilio huu:

1. Jina, TIN na VRN, tarakimu kwa tarakimu.
2. Jumla tatu za chini: kabla ya VAT, VAT, jumla kuu. Zikiwa sawa na jedwali lako, nusu ya kazi imekwisha.
3. Idadi ya walinzi kwa kila kituo dhidi ya daftari la zamu, siyo dhidi ya mkataba. Mkataba unasema wanne. Daftari linasema nani alifika.
4. Mistari ya doria: baki liko ghala?
5. Namba za vituo. Kosa la kawaida ni 210 na 220 kubadilishana, na jumla haitakuambia, kwa sababu jumla haijali.

Hilo la tano lina njia yake ya kulinasa. Soma mstari kwa sauti ukizidisha: "Mia mbili ishirini, Arusha, mlinzi mmoja, laki nne na ishirini." Ukisikia Arusha walinzi wanne, umelipata.

Rasimu ikiwa safi, jibu kwa maandishi: "Rasimu imehakikiwa, toeni ankara na risiti." Risiti ikifika, ihakiki kwenye tovuti ya TRA, `verify.tra.go.tz`, kwa namba ya uhakiki iliyochapwa chini yake. Kinachoonekana kwenye skrini kilingane na karatasi.

### Kama risiti ilishatoka bila mchanganuo

Usiombe ankara mpya. Kiasi ni sahihi, mnunuzi ni sahihi; kilichokosekana ni maelezo tu. Omba jedwali la mchanganuo lenye namba ya ankara ileile, liambatishe, endelea. Kredit noti iombwe pale tu ambapo kuna kosa la kweli la kodi: TIN siyo yako, au kiasi kimezidi.

## Hatua ya 7: Ingiza ankara mara moja, yenye mistari

Kosa la mwisho hufanyika ofisini kwako. Mhasibu anapokea ankara namba 0457 na kuiingiza mara nne: 0457-A, 0457-B, na kuendelea, moja kwa kila tawi. Mfumo hauoni tena kwamba 0457 imeshaingia. Nakala ikija kwa barua pepe wiki inayofuata, inaingizwa kama 0457 na kulipwa upya.

Iingie mara moja, kwa namba yake kama ilivyochapwa, na mgawanyo ufanyike kwenye mistari.

Kwenye QuickBooks Online, tumia `Class` kwa vituo, siyo `Location`. `Location` inashika muamala mzima, kwa hiyo ankara yote itaangukia tawi moja. `Class` inaweza kuwekwa kwa kila mstari, ikiwa mipangilio yako imeruhusu hivyo. Kwenye Tally, akaunti ya gharama za ulinzi lazima iwe na `Cost centres are applicable` imewekwa `Yes`. Bila hivyo dirisha la kugawa halitafunguka na utadhani mfumo umeharibika.

VAT yote 1,033,200 iende mstari mmoja wa VAT ya ununuzi, isigawanywe, kwa wale wanaoidai yote.

Utajua imekaa sawa ukichapa ripoti ya gharama kwa vituo na kukuta 1,435,000, 1,913,333, 478,333 na 1,913,334, na daftari la wadai linaonyesha ankara moja tu ya 6,773,200.

## Hatua ya 8: Lipa kwa mkupuo, kata kodi ya zuio kwenye jumla

Ulinzi ni huduma, na kwa muuzaji mkazi kodi ya zuio, yaani kodi unayoikata kwenye malipo yake na kuipeleka TRA, ni 5% ya kiasi kabla ya VAT. Ikokotoe kwenye 5,740,000, mara moja: 287,000. Malipo yanayobaki ni 6,486,200, isipokuwa kama kuna makato mengine yanayoihusu kampuni yako.

Usikate kwa kila tawi kisha ujumlishe. Cheti cha kodi ya zuio kinapaswa kuonyesha ankara moja na kiasi kimoja, na muuzaji atakihitaji kiendane na kitabu chake. Kodi ya zuio haipunguzi gharama ya tawi. Mwanza bado imegharimu 1,913,333 hata kama sehemu ya fedha imepitia TRA.

Siku ya kulipa, tuma taarifa ya malipo ya mistari minne: ankara 0457, jumla 6,773,200, kodi ya zuio 287,000, kilicholipwa 6,486,200. Mchanganuo wa matawi usiwemo. Anayepokea fedha hautaki, na ukiuona atashawishika kugawa malipo pia.

## Mwezi usipokuwa wa kawaida

Mgawanyo wa mistari unaonyesha faida yake pale kitu kinapoharibika. Tuseme ankara imeshatoka, kisha daftari la Mwanza linaonyesha mlinzi mmoja hakuja usiku 3 kati ya 30 wala hakuletwa mbadala. Bei ya usiku ni 420,000 gawa kwa 30, yaani 14,000. Usiku 3 ni 42,000, VAT yake 7,560, jumla 49,560. Omba kredit noti ya kiasi hicho, itaje ankara 0457 na mstari wa kituo 210. Bila kutaja mstari, muuzaji atapunguza kwenye jumla, na nyinyi mtabaki mkibishana ndani kuhusu nani apate nafuu hiyo. Kama kodi ya zuio bado haijakatwa, ikate kwenye 5,698,000 badala ya 5,740,000.

Idadi ya walinzi ikibadilika katikati ya mwezi, mgao wa doria ubaki wa siku ya kwanza ya mwezi hadi mwezi uishe. Kugawa doria kwa siku kunawezekana kihesabu, ila hakuna atakayeweza kuuhakiki mgao huo, wala wewe ukiulizwa baada ya miezi sita.

Tawi likifunguliwa au kufungwa, tuma jedwali jipya lenye tarehe ya kuanza na toleo lake, mfano "Mchanganuo wa vituo, toleo la 2, kuanzia 1 Machi", na mwambie muuzaji afute la zamani kwenye kompyuta yake. Jedwali la zamani likibaki pale, litatumika tena siku mhasibu wake atakapokuwa likizo.